Barua ya Likizo na Safari Yake Hadi kwa Mkurugenzi

Zahanati nyingi za vijijini Tanzania zina watumishi wachache, kiasi kwamba mmoja akiondoka kila mtu anajua, kuanzia mama anayemleta mtoto kliniki hadi mwenyekiti wa kijiji. Muuguzi akitaka kwenda likizo, Mganga Mfawidhi anajua, mhudumu wa afya anajua, na pengine hata mwenye bodaboda atakayempeleka stendi ameshaambiwa tarehe. Hayo yote hayaifanyi likizo kuwa halali. Kinachoihalalisha ni barua ya idhini iliyotoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, au kwa ofisa aliyekasimiwa mamlaka hayo. Barua hiyo haitoki mpaka ombi la mtumishi liwe limepanda ngazi moja baada ya nyingine.

Nimechagua muuguzi wa zahanati kwa sababu kwake ngazi hizo zinaonekana wazi. Mwalimu hupata mapumziko yake kwa sehemu kubwa shule zinapofungwa, na mtumishi wa wizarani anaweza kuingia ofisi zote zinazohusika ndani ya jengo moja. Muuguzi wa kijijini yuko mbali na makao makuu ya halmashauri, kazi yake haifungwi, na ombi lake husafiri bila yeye kuwepo kulisindikiza.

Tumweke muuguzi wetu katika zahanati moja ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, na kwao pawe Muheza, mkoani Tanga. Ana mume na watoto wawili. Anataka kupumzika Desemba 2025 na kuwapeleka watoto kwa bibi yao. Haki yake ya likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema siku hizo ni za mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zinahesabiwa humo humo. Wengi hukosea hapa kabla hata barua haijaandikwa. Akianza Jumatatu tarehe 1 Desemba, siku ya 28 ni Jumapili tarehe 28, na anatakiwa awe kazini Jumatatu tarehe 29. Ndani ya siku hizo kuna Siku ya Uhuru tarehe 9, Krismasi tarehe 25 na sikukuu ya tarehe 26. Hata moja haiongezwi mwishoni, na Jumamosi na Jumapili haziondolewi kwenye hesabu. Mtumishi aliyejihesabia siku za kazi peke yake ataandika tarehe ya kurejea ya mwezi Januari, na barua yake itarudishwa kutoka Ofisi ya Utumishi wakati muda umeshakwenda.

Sasa anwani. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji kwa kuwa ndiye anayemsimamia mtumishi kwa niaba ya mwajiri, lakini chini ya jina lake yanafuata majina ya vyeo ambavyo barua itapitia:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.
K.K. Mganga Mkuu wa Wilaya.
K.K. Mganga Mfawidhi, Zahanati.
YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA 2025

K.K. ni kifupi cha "kupitia kwa". Anwani inasomwa kutoka juu kushuka chini, lakini barua yenyewe inatembea kutoka chini kwenda juu, ikianzia kwa Mganga Mfawidhi ambaye ndiye mkuu wake wa kazi wa kila siku. Ndani ya barua maneno yawe machache: ni likizo ya mwaka gani, inaanza lini na kuisha lini, ataripoti lini, atakuwa wapi, namba gani ya simu itampata, na nani atashika kazi zake. Chini ziwepo saini, jina, cheo na cheki namba. Halmashauri nyingi zina pia fomu ya likizo inayoambatanishwa, yenye sehemu ya mwombaji, sehemu za maoni ya wakuu wake, na sehemu ya idhini. Maelezo marefu ya uchovu wa mwombaji hayahitajiki, kwa sababu likizo ya mwaka haiombewi huruma. Linaloombwa ni tarehe.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Siku 28 ni haki, lakini wakati wa kuzichukua unapangwa na mwajiri kwa kuangalia mahitaji ya kazi. Kila ofisi ambayo barua inapitia inaongeza taarifa ambayo ofisi nyingine haina, ili tarehe hizo ziamuliwe na mtu anayejua kitakachotokea muuguzi asipokuwepo. Anayeiona K.K. kama heshima tu kwa wakubwa hatajua amuulize nini mkuu wake, na mkuu anayeiona hivyo hatajua aandike nini.

Mganga Mfawidhi anajua mambo ambayo Mkurugenzi hawezi kuyajua akiwa ofisini kwake. Anajua kwamba muuguzi huyu ndiye anayezalisha usiku kwa zamu na mwenzake mmoja. Anajua kwamba siku ya chanjo akina mama hujaa mpaka nje, na kwamba muuguzi wa pili naye alishaomba kuondoka Desemba hiyo hiyo kwa sababu mdogo wake anaoa. Kwa hiyo maoni yake ndiyo yenye uzito kuliko maandishi mengine yote yatakayoongezwa kwenye karatasi ile, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayoandikwa kwa haraka kuliko yote. Wafawidhi wengi huandika "Imepitishwa", wakapiga muhuri na kusaini. Neno hilo linamwambia Mganga Mkuu kwamba barua imefika, basi. Halimwambii kama zahanati itabaki na mtu wa kuzalisha.

Maoni yanayofaa ni ya sentensi mbili tatu. Mfano: "Napendekeza aruhusiwe kuanzia 1 hadi 28 Desemba. Muuguzi mwenzake atakuwepo kipindi chote na amekubali kuchukua likizo yake Januari. Kwa zamu za usiku tunaomba mtumishi mmoja wa kutusaidia kutoka kituo cha afya." Hapo Mganga Mkuu wa Wilaya ana kitu cha kuamua. Anajua lipo pengo, anajua ukubwa wake, na anajua ameombwa nini. Kama Mfawidhi hakubaliani na tarehe, anaandika hivyo hivyo kwa uwazi, akieleza sababu na kupendekeza tarehe nyingine, kisha anaipeleka barua mbele. Barua imeandikwa kwa Mkurugenzi. Mfawidhi ana haki ya kuipinga kwa maandishi, lakini kuifungia kwenye droo ni kumnyima Mkurugenzi nafasi ya kuamua jambo lililoelekezwa kwake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watumishi wengi wa ngazi za chini hudhani mkuu wao wa karibu akinyamaza ndiyo wamekataliwa. Kunyamaza si jibu la kiofisi. Kukataliwa nako kunatakiwa kuwe na maandishi.

Mazungumzo kati ya wawili hawa yanafaa yatangulie karatasi. "Mganga, mimi nilikuwa nafikiria kuondoka Desemba, niwapeleke watoto Muheza. Wewe unaonaje?" Na Mganga akajibu, "Sista, Desemba mwenzako kashaniambia anataka. Kaeni wawili hao mwongee kwanza, mkikubaliana leta barua." Mazungumzo ya dakika tano kama hayo huokoa wiki nzima za barua kwenda na kurudi. Lakini Mganga akisema "sawa, nenda tu", neno hilo lisichukuliwe kuwa likizo. Yeye hana mamlaka ya kuitoa.

Barua ikitoka zahanati inafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye wengi humwita DMO. Yeye anatazama vituo vyote vya wilaya kwa pamoja. Mbele yake inapaswa kuwepo ratiba ya likizo, yaani jedwali linaloonyesha kila mtumishi wa idara amepangiwa mwezi gani. Ratiba ikiwa imetengenezwa kwa kuwauliza watumishi wenyewe, kazi ya DMO ni nyepesi: analinganisha tarehe za barua na za jedwali, anasoma maoni ya Mfawidhi, kisha anaandika lake. Ratiba ikiwa ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliopita kwa kubadilisha mwaka tu juu ya ukurasa, Desemba itajaa maombi kutoka kila kituo, na watakaoondoka ni waliowahi kuleta barua. Wa zahanati za mbali mara nyingi ndio wanaochelewa, na sababu ni usafiri wa karatasi. Barua inasubiri mtu wa kwenda mjini kuchukua dawa au kupeleka taarifa za mwezi.

Kutoka kwa DMO ombi linakwenda masjala ya halmashauri. Hii ndiyo sehemu ambayo mwombaji haioni kabisa, na ndiyo inayoamua kama barua yake ipo au haipo. Karani wa masjala anaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, anaiingiza kwenye daftari la barua zinazoingia, kisha anaiweka katika jalada binafsi la mtumishi na kuipa namba ya folio. Baada ya hapo kinachotembea kutoka meza hadi meza ni jalada zima, na kila ofisa anaandika dokezo kwenye karatasi ya madokezo akitaja namba ya folio anayoizungumzia. Afisa Utumishi akilifungua jalada anaona kila kitu pamoja: barua ya ajira, likizo zilizopita, mara ya mwisho nauli ilipolipwa, wategemezi waliosajiliwa, na mahali pa asili pa mtumishi.

Afisa Utumishi anajibu maswali mawili. La kwanza ni kama siku zinazoombwa zipo. La pili ni nauli. Mwajiri humlipia mtumishi nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili, pamoja na mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, kwenda nyumbani na kurudi. Muuguzi wetu alilipwa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hiyo mwaka 2025 ni zamu yake. Nauli yake ni ya watu wanne, Sumbawanga hadi Muheza kupitia Mbeya na Chalinze. Lakini jalada lisipokuwa na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, Afisa Utumishi hana ushahidi kwamba wapo, na atamwekea nauli ya mtu mmoja. Na kama alipoajiriwa aliandika kwamba kwao ni Morogoro kwa sababu ndiko alikokuwa akiishi na mjomba wake wakati ule, hesabu itafanywa hadi Morogoro. Mambo haya hayarekebishwi wiki ya kuondoka. Yanarekebishwa kwa barua nyingine, nayo kupitia K.K. hizo hizo, miezi mingi kabla.

Kuna jambo la bajeti ambalo watumishi wengi hawalifuatilii. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Fedha ya nauli ya Desemba 2025 ilitakiwa iwekwe kwenye bajeti iliyoandaliwa kabla ya Julai ya mwaka huo, na Afisa Utumishi angeweza kuikisia vizuri endapo tu alikuwa na ratiba ya likizo iliyo sahihi. Muuguzi ambaye hakujaza ratiba, au aliyejaza mwezi wowote ilimradi fomu irudi, hakuingizwa kwenye hesabu. Likizo yake inaweza kuidhinishwa na nauli ikakosekana. Hapo anaambiwa aende kwa fedha zake, na kiasi kile kinaingizwa kwenye madeni ya watumishi. Katika hali hiyo ahakikishe barua ya idhini inasema wazi kwamba anastahili nauli na haijalipwa, atunze tiketi zote za safari, na akirudi alete madai yake kwa maandishi. Bila maneno hayo kwenye jalada, ofisa atakayekuja baada ya miaka miwili hatakuwa na njia ya kujua kwamba fedha ile ilikuwa haki yake.

Sasa barua inapokwama. Dalili ni moja tu, nayo ni ukimya, lakini mahali ilipokwama panaweza kujulikana. Mwombaji anapaswa kubaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea kila inapovuka mkono. Zahanati huwa na daftari la kupelekea barua, na anayepokea upande wa pili husaini humo. Daftari likionyesha barua ilipokelewa kwa DMO tarehe 3 Novemba, na masjala wakasema haina folio, basi iko ofisi ya DMO. Ikiwa ina folio lakini hakuna dokezo, iko mezani kwa Afisa Utumishi. Kuuliza hivyo, kwa namba na tarehe, humsaidia hata ofisa anayeulizwa. Akipigiwa simu na kuambiwa tu "barua yangu ya likizo vipi?", hana pa kuanzia. Na anayefuatilia afuate ngazi zile zile: amwombe Mfawidhi amuulize DMO, kwa maana barua ilipita kwa Mfawidhi na yeye ndiye mwenye neno la kuulizia.

Kuruka ngazi huwavutia wenye haraka. Mtu anapanda basi hadi makao makuu, anaingia kwa Afisa Utumishi na barua mkononi isiyo na maoni ya yeyote. Afisa Utumishi makini ataandika juu yake "Ipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya" na kuirudisha. Asiye makini ataipitisha, na wiki mbili baadaye zahanati itafungwa usiku mmoja mama akiwa na uchungu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa nani atabaki. Hapo ngazi inamlinda mgonjwa ambaye hatajua kamwe kwamba kulikuwa na barua.

Kosa lililo baya kuliko yote kwa mtumishi mwenyewe ni kuondoka kabla ya barua ya idhini kufika. Tiketi zimekatwa, watoto wamefunga mabegi, Mfawidhi amesema nenda tu, barua iko njiani. Kwa Kanuni za Utumishi wa Umma, kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya msingi ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa kazi. Mara nyingi jambo hilo huishia kwa maelezo na onyo, hasa Mfawidhi akisimama kumtetea. Lakini Mfawidhi anaweza kuhamishwa katikati ya Desemba, na mrithi wake akakuta zahanati haina mtu, daftari la mahudhurio lina mapengo, na jalada lina ombi lisilojibiwa. Akiandika taarifa ya utoro atakuwa anaandika alichokikuta.

Dharura zina njia yake. Mtu akifiwa, hangojei folio. Anapiga simu kwa mkuu wake wa karibu na kueleza, mkuu anawataarifu wa juu yake, kisha barua inafuata mara moja hata kama imeandikwa akiwa msibani. Likizo ya uzazi ni tofauti tena: sheria inamtaka mama atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Muda huo ni mrefu kwa makusudi, maana siku 84 za zahanati kuwa pungufu hazizibwi kwa kuazima mtu wa wiki moja.

Na ikiwa Mkurugenzi atasema Desemba haiwezekani? Anaweza, endapo kazi inalazimu, lakini hawezi kusogeza likizo apendavyo. Sheria ya 2004 inataka itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kuisha. Muda huo unaweza kufika miezi kumi na miwili ikiwa mtumishi amekubali na mahitaji ya kazi yanastahili kuongeza. Kwa hiyo jibu la kusogezwa liwe na tarehe mpya. Mtumishi aliyepata barua inayosema "likizo yako imeahirishwa" bila kutaja hadi lini ana sababu ya kuandika tena, kwa njia ile ile, akiomba tarehe. Barua hiyo ya pili ndiyo itakayomsaidia siku atakapoambiwa kwamba hakuwahi kudai siku zake.

Miaka ya karibuni maombi mengi ya watumishi yamehamia kwenye mfumo wa ESS, kwa anuani ya ess.utumishi.go.tz, na likizo nayo imeanza kuombwa humo. Anayeomba anaingia kwa cheki namba yake, na ombi linakwenda kwa msimamizi wake kabla ya kupanda juu. Kwa zahanati ya mbali hii ni nafuu kubwa, kwani ombi halingoji tena gari la dawa. Lakini msimamizi aliyesajiliwa akiwa ni yule aliyehamishwa mwaka jana, ombi litamngoja mtu asiyekuwepo, na hakuna karani wa masjala atakayeliona na kushangaa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kutuma, aangalie jina la msimamizi. Na Mfawidhi anayebonyeza kukubali bila kuandika neno ameandika "Imepitishwa" ya zamani kwa kidole.

Muuguzi wetu alipata barua yake tarehe 20 Novemba. Ilisema siku 28, kuanzia 1 hadi 28 Desemba, kuripoti tarehe 29, nauli ya watu wanne italipwa. Alimkabidhi mwenzake kwa maandishi funguo, rejista za wajawazito na orodha ya dawa zilizopo, wakasaini wote wawili mbele ya Mganga. Alipanga awe amefika Sumbawanga Jumamosi tarehe 27, akijua basi linaweza kuharibika njiani na siku ya kuripoti isingojee fundi. Jumatatu asubuhi alisaini daftari la mahudhurio, kisha akaandika taarifa fupi ya kurejea kazini, kupitia kwa Mganga Mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya, ikaenda kuwekwa katika jalada lake kama folio inayofuata. Mwaka 2026 atakuwa na siku zake nyingine 28, na nauli atangoja hadi 2027.